Jua la Saa Kumi na Nusu: Shia, Blaindi na Mwarobaini Bila Dirisha Kuungua

Renda ya sebule mara nyingi huharibikia dirishani. Makochi yamekaa mahali pake, vigae vinang'aa, rangi za ukuta zimepatana, lakini dirisha limegeuka bamba jeupe. Mikunjo ya shia haionekani, vibao vya blaindi vimemezwa, na mti ulio nje haujulikani kama upo. Wapiga picha husema sehemu kama hiyo imeungua. Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kupunguza nguvu ya jua, na hapo ndipo sebule nzima inapopoa: madoa ya mwanga sakafuni yanafifia, vivuli vinakuwa vya kijivu, na picha ya alasiri yenye jua inakuwa picha ya siku ya mawingu.

Kosa si la jua. Katika nyumba halisi, kati ya jua na jicho la mtu aliyekaa ndani huwa kuna vitu vinavyougawa mwanga: majani ya mti, vibao vya blaindi, nyuzi za shia. Kila kimoja hupitisha sehemu, hurudisha sehemu na husambaza sehemu. Mgawo huo ukiwekwa kwa viwango vya kweli kwenye kompyuta, jua linaweza kubaki na nguvu zake zote na dirisha lisiungue.

Mfano wa kufuatilia ni sebule moja ya Dar es Salaam, iliyojengwa katika Blender na kurendwa kwa injini ya Cycles. Ina upana wa mita 4 na urefu wa mita 5. Dirisha lake linatazama magharibi, lina upana wa mita 1.8, na kingo yake ya juu iko mita 2.1 kutoka sakafuni. Nje, mita 6 kutoka dirishani, umesimama mwarobaini. Ni katikati ya mwezi Machi, saa kumi na nusu alasiri.

Saa na mwezi havikuchaguliwa ovyo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa juu sana mwaka mzima: hata mwezi Juni, linapokuwa chini kuliko miezi mingine, bado liko kama nyuzi 60 juu ya upeo. Mwanga wa namna hiyo huishia karibu na dirisha. Miali inayoingia ndani kabisa hutoka mashariki asubuhi au magharibi alasiri. Mwezi Machi saa kumi na nusu, jua la Dar liko nyuzi 30 juu ya upeo, karibu magharibi kabisa, na mwanga unaopita chini ya kingo ya juu ya dirisha hufika mita 3.6 ndani ya chumba. Renda inayoonyesha jua refu la mchana likiingia ndani kabisa ya chumba imeiga picha za Ulaya, na mkazi wa Dar ataona kuna jambo haliko sawa hata asipoweza kulitaja.

Katika Blender jua hilo huwekwa kwa `Sky Texture`, alama ya `Sun Disc` ikiwa imewashwa, `Sun Elevation` ikiwa 30, na `Sun Rotation` ikizungushwa mpaka jua lielekee dirisha. Faida yake ni kwamba jua na anga hutoka katika chanzo kimoja, hivyo uwiano kati yao hubaki wa kweli. Anayetumia taa ya `Sun` pamoja na picha ya anga hulazimika kuukisia uwiano huo, na wengi hukosea kwa kuipa anga nguvu nyingi mno. Matokeo yake ni vivuli vya samawati iliyofifia na dirisha ambalo huungua hata mahali pasipofikwa na jua.

Kabla ya kugusa kitambaa, inafaa kujua picha inaweza kubeba mwanga kiasi gani. Katika Blender jambo hilo huamuliwa na `View Transform`. Ukichaguliwa `Standard`, kitu chochote chenye mwanga unaozidi kijivu cha kati kwa mara tano na nusu hugeuka nyeupe tupu. Ukichaguliwa `AgX`, ambao umekuwa chaguo la kawaida tangu Blender 4.0 ya mwaka 2023, nyeupe tupu huja mwanga unapofika karibu mara 90 ya kijivu hicho, na njiani rangi hupauka taratibu badala ya kukatika ghafla. Kwa lugha ya wapiga picha, wa kwanza una kama stopu mbili na nusu juu ya kijivu cha kati, wa pili una sita na nusu.

Sasa hesabu ya makadirio kwa sebule ya mfano. Dirisha likifunikwa lote kwa shia nyeupe ya kawaida, kitambaa kinachopigwa na jua huwa na mwangaza wa takribani mara 13 ya ukuta wa ndani. Mchoraji akitaka ukuta huo uonekane mkunjufu, huuweka kwenye mara mbili ya kijivu cha kati. Maana yake shia inafika mara 26. Kwa `Standard` imeungua zamani. Kwa `AgX` bado ina nafasi ya kutosha kuonyesha kila mkunjo. Kwa dirisha hilihili, jua hilihili na kitambaa hikihiki, dirisha linaweza kupona au kuungua kwa sababu ya chaguo moja tu.

Njia ya kuthibitisha ni kubadilisha `View Transform` kwa muda iwe `False Color`. Picha hugeuka ramani ya joto: kijivu ni mwanga wa kati, njano na nyekundu ni mwanga mkali, na nyeupe ni sehemu iliyokwisha kuungua. Hapo `Exposure` iliyo chini ya `Color Management` hupandishwa au kushushwa mpaka mikunjo ya shia yenye jua iwe njano au nyekundu bila weupe, huku ukuta ukibaki karibu na kijivu. Namba hiyo huhesabiwa kwa stopu, kwa hiyo kuongeza 1 ni kuzidisha mwanga mara mbili. Kazi hii ifanyike mapema, kwa renda ndogo yenye chenga, kwa sababu hakuna maana ya kusubiri picha kubwa ili kugundua kuwa dirisha lilikuwa limeungua tangu mwanzo.

Shia yenyewe huharibiwa na mambo mawili: kuwa nyeupe kupita kiasi na kuwa kioo. Kitambaa halisi hakirudishi mwanga wote. Anayeweka rangi ya 1.0 anatengeneza kitu kisichopatikana dukani, na mwanga huzunguka ndani ya mikunjo bila kupungua mpaka kitambaa kiwe kama taa. Rangi ya 0.75 hadi 0.8 inatosha kabisa kuonekana nyeupe. Na kutumia `Glass BSDF` kwa kitambaa ni kosa la asili: shia haipindi mwanga. Ni nyuzi zenye matundu katikati yake.

Kwa hiyo inajengwa hivi. Kwanza `Diffuse BSDF` na `Translucent BSDF` zinaunganishwa kwa `Mix Shader` yenye `Fac` ya 0.5, hizi ndizo nyuzi, ambazo nusu ya mwanga zinaurudisha ulikotoka na nusu zinautawanya upande wa pili. Kisha mchanganyiko huo unaunganishwa na `Transparent BSDF` kwa `Mix Shader` ya pili, `Fac` ikiwa 0.3, yaani asilimia 30 ya kitambaa ni matundu. Kinachopita kwenye matundu huendelea moja kwa moja na kuchora madoa ya jua sakafuni. Kinachogusa nyuzi hugeuka mwanga laini unaojaa chumbani. `Add Shader` isitumike hapa, kwa sababu hujumlisha mwanga badala ya kuugawa, na kitambaa kitatoa mwanga mwingi kuliko kilioupokea.

Kuna jambo la ziada ambalo hutofautisha shia na karatasi ya nailoni. Mtu akiitazama shia kwa ubavu, nyuzi huonekana zimesogeleana na matundu huziba. Ndiyo maana pembeni mwa kila mkunjo kuna mstari mzito zaidi. Ili kuupata, ile 0.3 isiwe namba iliyokaa tuli. Ichukuliwe `Facing` ya `Layer Weight`, itolewe katika 1, izidishwe kwa 0.3, kisha iingizwe kwenye `Fac`. Kitambaa kinachotazamana na kamera kitabaki na matundu yake, na kile kinachogeuka kitafunga polepole. Mikunjo inahitaji kitambaa cha kutosha pia: mafundi wa mapazia hukata shia karibu mara mbili ya upana wa dirisha, na dirisha hili la mita 1.8 linataka kitambaa cha kama mita 3.6. Shia iliyonyooshwa bapa haina pa kuonyesha kivuli, na huungua yote kwa pamoja.

Shia ibaki tabaka moja. Anayeipa unene kwa `Solidify` anaigeuza kuwa shia mbili: matundu ya asilimia 30 yanakuwa 9, madoa ya jua yanafifia sakafuni, na yeye anahangaika kuongeza nguvu ya jua.

Kioo cha dirisha nacho huleta hasara ya aina yake. `Glass BSDF` hupinda mwanga, na Cycles hupata shida kulitafuta jua kupitia kitu kinachopinda. Dalili yake ni sakafu isiyo na doa la jua au iliyojaa nukta nyeupe zinazometameta. Dirisha bapa halihitaji hesabu hiyo. Kioo kichanganywe na `Transparent BSDF`, na `Fac` iendeshwe na `Is Shadow Ray` ya `Light Path`, ili mwanga wa jua upite kana kwamba hakuna kitu huku kamera ikiendelea kuona mng'ao. Kama dirisha limefunikwa lote na shia, kioo kinaweza kuondolewa kabisa bila mtu kugundua.

Blaindi zina tabia tofauti. Shia hulainisha, blaindi hukata. Chukulia vibao vya milimita 50 vilivyopangwa kwa nafasi ya milimita 44. Vikilazwa sawa na sakafu, jua la nyuzi 30 linaposhuka kati ya vibao viwili hubakiwa na mwanya wa milimita 15, kama theluthi moja ya nafasi. Vikiinuliwa nyuzi 10 kwa upande wa chumbani, mwanya hushuka hadi milimita 7 hivi. Nyuzi 10 ni kidogo sana kwa macho, lakini zimepunguza zaidi ya nusu ya jua linaloingia. Mchoraji anayetaka kushusha mwanga wa chumba aanze na mzunguko wa vibao kabla hajafikiria nguvu ya jua.

Upande wa kuinamisha una uzito uleule kwa suala la kuungua. Jua hupiga uso wa juu wa kila kibao. Ukingo wa chumbani ukiinama chini, kamera hutazama uso huo uliochomwa moja kwa moja, na blaindi nzima inakuwa mistari myeupe tupu. Ukiinuliwa, kamera huona tumbo la kibao, ambalo hupata mwanga uliodunda kutoka kibao cha chini yake. Tumbo hilo lina mwangaza wa wastani, lina rangi, na humpa mtazamaji umbo la kibao.

Hapa ndipo ukubwa wa jua unapoingia. Jua si nukta. Likitazamwa kutoka duniani lina upana wa nusu nyuzi na ziada kidogo. Kwa sababu hiyo ukingo wa kila kivuli hulainika kwa kama milimita 9 kwa kila mita ambayo mwanga umesafiri kutoka kwenye kitu kilichouzuia. Kwa vibao vya milimita 25, vilivyopangwa kwa nafasi ya milimita 21 na nusu, mistari huwa wazi karibu na dirisha, hupauka kila inapoingia ndani, na kufikia mita 2 hivi za safari ya mwanga huyeyuka ikawa mwanga mmoja sawasawa. Vibao vya milimita 50 hudumu hadi kama mita 4. Renda yenye blaindi nyembamba na mistari mikali iliyovuka sebule nzima mpaka ukuta wa pili inajisema yenyewe kwamba jua lake limewekwa bila upana. Pa kuangalia ni `Sun Size` ya `Sky Texture`, ambayo huanza na 0.545, au `Angle` ya taa ya `Sun`, ambayo huanza na 0.526. Zote mbili ni sahihi zikiachwa zilivyo.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayochora madoa chini ya miti. Watu wengi hudhani doa la mwanga chini ya mti lina umbo la mwanya ulio kati ya majani. Lakini mwanya mdogo ulio mbali hutupa picha ya jua lenyewe, ambayo ni duara. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa mfano wa pete na watu wakakusanyika Rujewa mkoani Mbeya kulitazama, ndiyo ilikuwa siku ya kuona chini ya miti madoa yaliyokatwa kama mwezi mwandamo, na kwenye kilele, pete. Mianya ya majani haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni umbo la jua.

Sebule ya mfano inakuja na namba zake. Doa linaloanguka sakafuni mita 2 ndani ya chumba limetoka kwenye mwarobaini ulio mita 8 kwa mlalo, na kwa jua la nyuzi 30 mwanga umepita kwenye majani yaliyo mita 4.6 juu ya ardhi na kusafiri mita 9.2. Kwa milimita 9 na kidogo kwa kila mita, doa linakuwa na upana wa karibu sentimita 8 na nusu. Kwa kuwa mwanga unaigusa sakafu kwa mshazari, doa hurefuka mara mbili kuelekea ndani, likawa yai la sentimita 17. Kwenye shia iliyosimama wima mambo ni mengine: mwanga umesafiri mita 7 hivi, na madoa ni karibu duara, ya sentimita 6 na zaidi kidogo, yakivunjika kila yanapokutana na mkunjo. Mchoraji akiziona sura hizo mbili katika renda moja, mayai sakafuni na duara kitambaani, ajue vipimo vyake vimekaa.

Jani moja la mwarobaini ni jembamba kuliko ukingo laini wa kivuli chake, kwa hiyo haliwezi kuandika umbo lake sakafuni. Vinavyoonekana ni vishada na mianya. Hii ndiyo sababu picha ya majani inayobandikwa mbele ya taa karibu na dirisha hugundulika upesi: inachora ncha za majani kama muhuri. Mti wenyewe uwekwe mahali pake, kwa umbali wake. Kama hautakiwi kuonekana dirishani, alama ya `Camera` izimwe chini ya `Ray Visibility`. Mti utatoweka machoni na kivuli chake kitabaki.

Shida kubwa ya mti katika Cycles hujificha kwenye `Light Paths`. Miti mingi ya kupakua ina majani ya vibapa vyenye picha iliyokatwa kwa uwazi, na kila kibapa ambacho mwali unakipita huhesabiwa. Kiwango cha `Transparent` huanza na 8. Mwali unaotoka sakafuni kulitafuta jua hupita mikunjo miwili au mitatu ya shia, kisha kioo, kisha vibapa kumi au ishirini vya mti; ukifika kikomo, injini huhesabu kuwa kuna giza. Mti unakuwa ukuta, madoa yanatoweka, na ndani ya mikunjo ya shia hutokea mabaka meusi. Njia ya kulijua tatizo hili ni kupandisha namba hiyo hadi 32 na kurenda eneo dogo tena. Picha ikibadilika, kikomo ndicho kilichokuwa kinaiba mwanga. Mti ambao majani yake yamechongwa kwa umbo badala ya picha hauna mzigo huo, kwani kati ya majani hakuna kitu cha kuhesabu.

Kinachobaki ni chenga. Madoa yaliyopita kwenye shia hayazidi asilimia 30 ya nguvu zake, na kisafisha chenga kikipewa sampuli chache huyafuta pamoja na uzi wa kitambaa, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha doa hafifu na uchafu. Kipewe `Albedo and Normal` kwenye `Passes`, na sampuli ziongezwe mpaka madoa yaonekane kwa macho kabla ya kusafishwa.

Renda ya mwisho ihifadhiwe kwa `OpenEXR`. Mteja akisema sebule iwe angavu zaidi, au aulize mbona shia imepauka, `Exposure` hubadilishwa juu ya faili hilo na mikunjo hurudi bila kurenda upya. Katika PNG ya biti 8 sehemu iliyoungua haina data tena, na hakuna namna ya kuirudisha.